Babu Zetu Waliokufa Kabla ya Injili Kufika

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Mwanzo 18:22–25, Yohana 5:28, 29, Matendo 10, Matendo 14:8–18, Matendo 17:16–34, Warumi 2:11–16, 1 Petro 3:15.

Kikundi cha kujifunza Biblia kimekutana nyumbani kwa muumini mmoja huko Mwandoya, wilayani Meatu. Ni jioni. Pamba imekwisha kuuzwa, ng'ombe wamerudi zizini, na watu wameketi uani juu ya viti na magunia. Somo la jioni hiyo ni ubatizo. Mzee mmoja, jirani ambaye amekuja kwa majuma matatu mfululizo bila kusema neno, anainua mkono.

"Mwanangu," anamwambia mwalimu, "umesema vizuri. Sasa nijibu jambo moja. Babu yangu alikufa kabla hajamwona mtu mwenye Biblia. Hakuua mtu. Hakuchukua ng'ombe wa mtu. Mjane wa ndugu yake alimlimia shamba mpaka watoto wakakua. Yuko wapi? Kama amepotea kwa sababu ya habari ambazo hakuletewa, Mungu wenu si wa haki. Na kama hakupotea, ninyi mmekuja kufanya nini hapa?"

Kila mwalimu wa Shule ya Sabato katika Usukuma atakutana na swali hili, kama si kwa maneno hayo basi kwa mengine. Huulizwa msibani, huulizwa na wanafunzi wa sekondari, na huulizwa na watu ambao wamekwisha kuamini karibu mambo yote mengine. Lina makali pande mbili. Ukijibu upande mmoja kwa haraka, upande wa pili unakukata.

Swali lenyewe limebeba nini

Soma Mithali 18:13. Je, mtu anayejibu kabla ya kusikia anaitwaje?

Mzee hakuleta fumbo ili kumnasa mwalimu mbele ya watu. Ameleta jina la mtu aliyemlea. Kwake yeye kubatizwa bila jibu ni kama kugeuka na kumwacha babu yake nje ya mlango. Kwa hiyo jibu lolote litakalomzungumzia babu huyo kwa dharau, hata likiwa na mafungu kumi ya Biblia, halitasikika.

Swali hili halikuzaliwa Usukumani. Wazungu wenyewe waliliuliza Injili ilipofika kwao. Kuna simulizi ya kale ya Ulaya kuhusu Radbodi, mfalme wa Wafrisia, watu wa pwani ya nchi ambayo leo ni Uholanzi. Mfalme huyo alifariki mwaka 719. Inasimuliwa kwamba alikuwa amekwisha kutia mguu mmoja katika maji ya ubatizo, akamgeukia mhubiri, Wulframu, akamwuliza wazee wake waliomtangulia wako wapi. Mhubiri akamjibu bila kusita kwamba wote wamehukumiwa. Radbodi akautoa mguu wake majini, akasema ni heri akae na wazee wake kuliko kukaa mbinguni na watu wachache asiowajua. Wanahistoria wana mashaka kama jambo hilo lilitokea hivyo hasa. Lakini simulizi hiyo imedumu kwa zaidi ya miaka elfu moja, kwa kuwa kila kabila lililopokea Injili limesimama ukingoni mwa maji hayo hayo.

Kosa la mhubiri huyo lilikuwa nini? Alitoa hukumu ambayo hakupewa kuitoa. Alikalia kiti cha Mungu, na mtu akatoka majini.

Hapa Tanzania swali lina jeraha la ziada. Wamisionari Waadventista wa kwanza, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika Upare mwaka 1903. Walikuwa Wajerumani, na nchi ilikuwa chini ya utawala wa Wajerumani. Miaka miwili baadaye vita vya Maji Maji vililipuka kusini. Wamisionari hao si wao waliopiga vita hivyo, lakini mtoto wa Kiafrika aliyekua siku zile aliona Biblia na bendera ya mgeni vikija kwa njia moja. Mzee anaposema "Mungu wenu", jeraha hilo limo ndani ya neno "wenu". Mwalimu hana haja ya kulibishia. Aseme ni kweli, kisha aendelee.

Majibu mawili yanayoshindwa

Jibu la kwanza ni lile la Wulframu: wote wamepotea. Wanaolitoa hutaja Matendo 4:12, kwamba hakuna jina jingine la kuokolewa nalo, na Yohana 14:6. Mafungu hayo ni ya kweli na hayapunguzwi. Lakini yanasema ni nani anayeokoa. Hayasemi kwamba Mwokozi huyo hana uwezo wa kumhurumia mtu ambaye hakulifahamu jina lake. Watoto wachanga waliokufa hawakulitamka jina hilo, wala Henoko hakulitamka, lakini hakuna mwalimu anayesema Henoko aliokolewa na mwingine.

Jibu la pili ni la mtu mpole anayeogopa kuudhi: wote wameokoka, maana hawakujua. Linasikika kuwa la upendo, lakini halimheshimu babu. Linamfanya kuwa kama mtoto asiyeweza kutofautisha mema na mabaya. Wazee wa Usukuma walikuwa na baraza, walitoza faini, walimlaani mwizi na kumsifu mkarimu. Walijua. Paulo anasema hivyo katika Warumi 2:14, 15, kwamba watu wasio na torati iliyoandikwa huonyesha kazi ya torati iliyoandikwa mioyoni mwao, na dhamiri zao hushuhudia, mara zikiwashitaki, mara zikiwatetea. Soma tena fungu hilo polepole. Dhamiri hufanya kazi zote mbili. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwa jumla kwamba wote wamepotea, wala kwamba wote wameokoka. Kila mmoja alisimama peke yake mbele ya nuru aliyokuwa nayo.

Majibu yote mawili yana kasoro moja. Yanataja matokeo ya hukumu ambayo bado hayajatangazwa. Soma 1 Wakorintho 4:5. Je, Paulo anawaagiza waumini wasubiri hadi lini kabla ya kuhukumu?

Paulo mbele ya watu wasio na Biblia

Katika kitabu cha Matendo, Paulo anahutubia mara mbili watu wasiojua Maandiko: wakulima wa Listra (Matendo 14) na wasomi wa Athene (Matendo 17). Mwalimu wa Mwandoya ana mengi ya kujifunza katika hotuba hizo.

Huko Listra watu wanataka kumtolea Paulo na Barnaba ng'ombe za dhabihu. Paulo anapinga jambo hilo kwa nguvu zote, hata kurarua mavazi. Lakini angalia anachosema juu ya wazee wao. Hasemi walikuwa wajinga. Anasema katika vizazi vilivyopita Mungu aliyaacha mataifa yaende katika njia zao, na hata hivyo hakujiacha bila ushuhuda, kwa kuwa aliwapa mvua kutoka mbinguni na majira ya mavuno, akawashibisha chakula na furaha (Matendo 14:16, 17). Katika nchi ya Meatu, ambako mvua ikikosa mwezi mmoja mtama unakauka na malisho yanakwisha, fungu hilo halihitaji maelezo marefu. Kila mvua iliyonyesha juu ya shamba la babu yule ilikuwa barua ya Mungu kwake. Wasukuma walikuwa na majina ya Mwumba kabla mmisionari hajafika, kama Likube na Seba. Mmisionari alileta habari za Kristo. Mungu mwenyewe hakumleta, kwa maana alimkuta.

Huko Athene roho ya Paulo inachukizwa ndani yake anapoona mji umejaa sanamu (Matendo 17:16). Chuki hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini aliposimama Areopago haikutoka kinywani mwake kama tusi. Alianza na jambo jema alilolikuta, kwamba ni watu wa kicho sana, akaitaja madhabahu yao waliyomwandikia Mungu asiyejulikana, akatumia hata maneno ya watunga mashairi wao. Kisha akasema waziwazi walipokosea: Mungu hakai katika nyumba zilizojengwa kwa mikono, wala hafanani na dhahabu au jiwe. Heshima haikumfanya afiche tofauti. Ilimfanya aieleze mahali pake, baada ya kuonyesha kwamba amewasikia.

Katika Matendo 17:30 anagusa swali la mzee moja kwa moja. Anasema zamani zile za kutojua Mungu hakuzihesabu kama anavyohesabu sasa, ila sasa anawaita watu wote watubu. Pana nyakati mbili. Mtu wa wakati wa kwanza hapimwi kwa kipimo cha wakati wa pili.

Ushuhuda mwingine unatoka kwa mtu asiyekuwa Mkristo. Ghasia zilipotokea Efeso, karani wa mji aliuambia umati kwamba watu hao si wezi wa hekalu wala hawakumtukana mungu mke wao (Matendo 19:37). Paulo alikuwa amefundisha katika mji huo kwa zaidi ya miaka miwili, na watu wengi walikuwa wameiacha ibada ya Artemi. Hata hivyo ofisa wa mji aliweza kusimama hadharani na kusema kwamba dini ya wenyeji haikutukanwa. Je, mwenyekiti wa kijiji angeweza kusema hivyo juu ya mahubiri ya mikutano ya hadhara iliyofanyika kijijini kwake?

Kumjibu mzee

Sasa rudi uani pale Mwandoya. Mzee amemaliza kuuliza. Watu wananyamaza. Kijana mmoja nyuma anacheka kidogo, akidhani mwalimu amekwama. Mwalimu anamtazama kijana hadi anatulia, kisha anamgeukia mzee.

"Asante, baba. Hilo ni swali zito, nami sitalikimbia. Kwanza nisaidie, babu huyo alikuwaje? Nieleze kidogo."

Hii si mbinu ya kupoteza muda. Mzee anaeleza kwa dakika tano: jinsi babu alivyomfundisha kuchunga, jinsi alivyogawa nafaka mwaka wa njaa, jinsi alivyokuwa mkali. Baada ya hapo babu si mfano tena wa hoja. Ni mtu, na kila aliyeketi pale anaogopa kumsema vibaya.

"Nimekusikia, baba. Umeniuliza mambo matatu. Nitayajibu moja moja.

"Umeuliza yuko wapi. Biblia inasema wafu wamelala. Mhubiri 9:5 inasema wafu hawajui neno lolote, na Yesu mwenyewe alisema juu ya Lazaro katika Yohana 11 kwamba amelala. Kwa hiyo babu yako hayuko motoni usiku huu. Hateswi. Amelala kaburini, na Yesu amesema katika Yohana 5:28 kwamba wote waliomo makaburini wataisikia sauti yake. Wote, baba. Hata wale ambao hawakuwahi kuisikia wakiwa hai.

"Umeuliza kama amepotea. Mimi sijui, wala sina ruhusa ya kusema. Ila namjua atakayesema. Ibrahimu aliwahi kumwuliza Mungu swali kama lako. Iko katika Mwanzo 18:25. Alimwuliza kama Mwamuzi wa dunia yote hatatenda haki. Mungu hakumkasirikia. Na Yesu alisema katika Luka 12:48 kwamba aliyepewa vingi, kwake vitatakwa vingi. Babu yako hataulizwa juu ya Biblia ambayo hakuletewa. Ataangaliwa kwa nuru aliyopewa. Na kama ataokolewa, atakayemwokoa ni Kristo yule yule, kwa msalaba ule ule, hata kama jina lake atalisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo."

Mzee ananyamaza kwa muda. Kisha anasema, "Basi mngetuacha. Kama asiyejua anahesabiwa kwa asichojua, ninyi mmetuletea deni."

Hapa ndipo walimu wengi hushindwa. Wameushinda upande wa kwanza wa swali, na upande wa pili unawakata. Mwalimu anajibu hivi:

"Ni kweli, baba, kujua kunaongeza wajibu. Lakini fikiri juu ya Kornelio katika Matendo 10. Alikuwa mtu mwema, asiye Myahudi. Malaika alimwambia sala zake na sadaka zake zimefika mbele za Mungu. Kwa nini malaika hakusema, yatosha, endelea hivyo? Alimwambia atume watu Yafa wakamwite Petro. Mungu alikuwa amekwisha kumsikia, na bado alitaka amjue Yesu. Baba akiwa mbali anaweza kuwatumia watoto chakula, nao wakashiba. Lakini siku anaporudi nyumbani, hakuna mtoto anayesema, ungebaki huko huko, chakula kilikuwa kinafika."

Pale tofauti inapotakiwa kusemwa

Mzee ataendelea, na ni haki yake. Atasema, "Umesema babu amelala. Sisi tunasema masamva wanatuona. Mtoto akiugua, tunawauliza tumekosa nini. Wewe unasema hawatusikii. Si umewadharau?"

Mwalimu asigeuze jambo hili kuwa kichekesho. Vijumba vya kutambikia uani kwa mtu si jambo la kuchorwa ubaoni ili darasa licheke. Aliyevijenga alikuwa anasema mambo mawili ambayo ni ya heshima: kwamba mzazi hasahauliwi anapokufa, na kwamba aliye hai anadaiwa shukrani. Amri ya tano iko upande wake. Mwalimu aanze kwa kukiri hilo. Kisha aseme tofauti bila kuipaka sukari: "Baba, hapa tunatofautiana, wala sitakuficha. Mimi naamini babu amelala na hajui lolote linaloendelea chini ya jua. Simdharau kwa kusema hivyo. Nasema amepumzika. Hasumbuki na magonjwa yetu, hana hasira na mtu, wala hatumi ugonjwa kwa mtoto."

Jambo hili si la nadharia. Hofu ya kwamba kila ugonjwa umetumwa na mtu fulani imeleta machozi mengi katika Usukuma. Kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa katika mikoa ya kanda ya ziwa kwa kutuhumiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na mara nyingi wekundu huo ulitokana na moshi wa kupikia kwa samadi na kuni miaka yote. Mwalimu asiweke maovu hayo juu ya mzee aliyeketi mbele yake, wala juu ya masamva. Kutambika si kuua, na wazee wengi wanaotambika wamelia sana kwa mauaji hayo. Tena, watu waliobatizwa nao wameshiriki katika kunong'ona tuhuma. Aseme tu hivi: nuru inayosema wafu wamelala, na kwamba mvua, uzima na mauti havimo mikononi mwa mwanadamu, inampunguzia mtu sababu ya kumtafuta jirani wa kumlaumu mtoto anapougua. Hilo ni sehemu ya jibu la "mmekuja kufanya nini hapa".

Lililobaki bila jibu

Kuna swali la tatu ndani ya swali la mzee, nalo ni gumu zaidi: kwa nini muda mrefu hivyo? Towashi Mwafrika alibatizwa katika siku za mitume (Matendo 8). Ethiopia ilikuwa na mfalme Mkristo, Ezana, katika karne ya nne. Habari hii ni njema kwa yeyote anayedhani Ukristo uliingia Afrika kwa meli za Wazungu. Lakini mwalimu mwaminifu ataona kwamba haimjibu mzee. Kutoka Ethiopia ya Ezana hadi babu wa Mwandoya ni zaidi ya miaka elfu moja na mia tano.

Sehemu ya jibu ni kwamba Kristo aliagiza watu waende, na watu hawakwenda. Wengine walipofika kwenye pwani za Afrika walikuja kununua watumwa badala ya kuhubiri. Lawama ya kuchelewa huko ni ya wanadamu waliokuwa na nuru. Babu aliyeingojea hana hatia ndani yake. Sehemu nyingine ya jibu haijulikani, na mwalimu aseme hivyo: "Hapo, baba, sijui." Neno hilo halipunguzi imani ya msikilizaji. Mara nyingi ndilo linalomfanya aamini maneno mengine yote.

Waadventista wana jambo moja la kuongeza hapa. Ufunuo 20:4 na 1 Wakorintho 6:2, 3 zinaonyesha waliokombolewa wakishirikishwa katika hukumu wakati wa miaka elfu. Mungu hahitaji msaada wa kuhukumu. Anafungua vitabu ili watu wake waone. Mtu atakayemtafuta babu yake siku ile, akimwona au asipomwona, hataambiwa anyamaze. Ataonyeshwa. Mungu anayekubali hesabu zake zikaguliwe na wajukuu haogopi swali la mzee wa Mwandoya.

Jinsi ya kutambua jibu limekwenda vibaya

Mwalimu asipime jibu lake kwa kuangalia kama mzee amebatizwa mwezi huo. Paulo alipomaliza kusema Athene, wengine walimdhihaki, wengine walisema watamsikiliza tena, na wachache waliamini, miongoni mwao Dionisio na mwanamke jina lake Damari (Matendo 17:32–34). Hotuba nzuri ilizaa makundi yote matatu.

Lakini zipo dalili za kuangalia. Kama mwalimu ameanza kusema "hao" au "wapagani" akimaanisha wazazi wa mtu aliyeketi mbele yake, amepotea njia. Kama darasa limecheka na mgeni hakucheka, amempoteza mgeni. Kama ametaja mafungu sita na hakuuliza swali hata moja, alikuwa anajibu kitabu badala ya mtu. Na kama amejikuta anasema kwa hakika nani yuko ndani na nani yuko nje, basi amekaa mahali pa Wulframu, na mguu unatoka majini.

Petro aliagiza waumini wawe tayari kumjibu kila mtu, na akaongeza kwamba iwe kwa upole na kwa hofu (1 Petro 3:15). Watu wengi hukariri nusu ya kwanza ya agizo hilo. Pale uani Mwandoya, mzee aliondoka bila kusema amekubali. Alipofika kwenye ua wa minyaa aligeuka, akauliza kama Sabato ijayo kikundi kitakutana saa ile ile.

Maswali ya Kujadili

1. Katika darasa lako, mmoja ajifanye mzee na mwingine ajifanye mwalimu. Mzee aulize pande zote mbili za swali. Kisha mzee aseme ni wakati gani alijisikia ameheshimiwa, na ni wakati gani alijisikia amesukumwa.

2. Linganisha Warumi 2:12–16 na Luka 12:47, 48. Mtu aliyekulia katika kanisa na kusikia mahubiri kila Sabato anapaswa kujiuliza nini kabla ya kuuliza habari za wasiosikia?

3. Ni maneno gani yanayotumika kanisani kwenu juu ya imani za majirani, ambayo majirani hao wakiyasikia wangeumia? Mnaweza kusema ukweli ule ule kwa maneno gani mengine?

4. Mtu akikuambia, "Afadhali nikae na babu yangu popote alipo," utamjibuje bila kumhukumu babu huyo na bila kuificha Injili?